Bei, Amana na Fidia za Viti, Mahema na Vipaza Sauti

Hotuba iliyosomwa na Mwangalizi wa Ghala mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imenitaka nieleze mbele yenu jinsi bei za vifaa vyetu zinavyopatikana, kwa kuwa maombi mawili yamekwisha kuletwa na wanachama, nayo yatapigiwa kura leo. Ombi la kwanza lataka kiti kishushwe kutoka shilingi 15 kwa siku hata shilingi 10, kwani hapa mjini Nakuru wako watu wanaokodisha kwa bei hiyo. Ombi la pili lataka amana iondolewe kabisa katika mazishi. Maombi haya yametolewa kwa nia njema, lakini si maombi mawili mbalimbali kama yanavyoonekana. Atakayefuata hesabu ataona ya kuwa lile la pili ndilo linaloamua lile la kwanza.

Hesabu nitakazozitumia ni za mfano. Bei za dukani hupanda na kushuka, nami sitaki mtu aondoke hapa akiishika tarakimu badala ya kuishika njia ya kuipata.

Tuanze na kiti kimoja cha plastiki. Tuseme kimenunuliwa kwa shilingi 900. Kiti hiki hakina umri wa miaka. Umri wake ni safari. Kikikaa ghalani gizani hakizeeki sana, bali kila kitokapo hutupwa juu ya lori, hukaliwa na mtu mzito juu ya ardhi isiyo sawa, hupigwa na jua mchana kutwa, kisha hutupwa tena. Tukikadiria kwamba kitavumilia safari 150, basi kila safari inakula shilingi 6 za kiti chenyewe. Kuosha, kupakia, kupakua na mshahara wa mlinzi wa ghala tuvitilie shilingi 3. Jumla ni shilingi 9. Katika shilingi 15 tunazotoza, zinabaki 6, nazo ndizo zilizojenga mfuko wa kuwasaidia wanachama wagonjwa na waliofiwa. Hata hapa bei inaonekana kuwa na nafasi ya kushuka, na wanaotaka shilingi 10 waweza kusema kwamba shilingi 1 ya faida yatosha.

Lakini sasa ongezeni jambo moja dogo. Katika kila viti 100 vinavyotoka, kimoja kisirudi, au kirudi kimevunjika mguu, wala asipatikane mtu wa kukilipia. Kiti kimoja katika 100 si kitu. Mwenye shughuli wala hatakijua. Walakini kiti hicho ni shilingi 900, na shilingi 900 zikigawanywa juu ya viti 100 vilivyotoka ni shilingi 9 kwa kila kiti. Gharama yetu imeruka kutoka 9 hata 18, na bei ya shilingi 15 imekuwa hasara ya shilingi 3 kwa kila kiti kinachokaliwa. Upotevu wa kiti kimoja tu katika 100 unakula zaidi kuliko uchakavu wa viti vyote 100. Kwa hiyo anayekodisha kwa shilingi 10 aweza kufanya hivyo kwa muda mrefu ikiwa viti vyake vyote hurudi. Na anayekodisha kwa shilingi 20 aweza kufilisika kama havirudi. Ndiyo sababu sitazungumza sana juu ya bei, nami nitakaa zaidi juu ya kuhesabu, amana na fidia.

Kwanza nimalize neno "siku", maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Kwetu siku huanza vifaa vinapotoka ghalani na huisha saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Vikitoka baada ya saa nane mchana kwa shughuli ya kesho, ile jioni haihesabiwi, kwa sababu hema haliwezi kusimamishwa alfajiri ya arusi. Katika arusi jambo hili halina taabu. Taabu iko kwenye matanga, ambapo vifaa hukaa siku nne, tano, hata saba mpaka siku ya kuzika. Kumtoza aliyefiwa bei kamili kwa kila siku ni ukatili, na tena ni hesabu mbaya. Lori halikwenda mara tano. Vijana hawakusimamisha hema mara tano. Viti havikuoshwa mara tano. Kitu tunachopoteza katika siku za baadaye ni nafasi ya kumkodisha mtu mwingine, nayo nafasi hiyo Jumanne au Jumatano ni ndogo mno, bali Jumamosi ni kubwa. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: siku ya kwanza ni bei kamili, kila siku inayoongezeka kati ya Jumatatu na Ijumaa ni robo ya bei, Jumamosi au Jumapili inayoongezeka ni nusu.

Chukueni mfano wa msiba huko Njoro. Familia yataka viti 200 na mahema mawili ya watu 100 kila moja, kuanzia Jumanne asubuhi, mazishi yakiwa Jumamosi, na vifaa virudi Jumapili kabla ya saa nne. Viti ni shilingi 3,000, na mahema kwa shilingi 4,000 kila moja ni 8,000. Siku ya kwanza basi ni shilingi 11,000. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa kwa robo ni shilingi 2,750 kila siku, yaani 8,250. Jumamosi kwa nusu ni 5,500. Jumla ni shilingi 24,750. Kama tungezidisha bei kamili kwa siku tano, familia ile ingedaiwa shilingi 55,000, na baada ya msiba mmoja wa namna hiyo kijiji kizima kingetukimbia. Lori hulipwa mbali, mara moja kwenda na mara moja kurudi, kulingana na mwendo. Hakuna haki kumbebesha mtu wa Bahati, aliye karibu, gharama ya mtu wa Molo.

Sasa nije kwenye amana. Yafaa tutenganishe fedha za namna mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Arubuni ni sehemu ya malipo inayotolewa mapema ili vifaa visipewe mtu mwingine. Mtu akighairi siku za mwisho, hairudi, kwa sababu tumekwisha kuwakataa wengine. Amana si malipo. Ni fedha ya mkodi iliyo mikononi mwetu, nayo ni yake mpaka ithibitike kwamba kuna kilichopotea au kuharibika. Kwa sababu hiyo amana huandikwa katika daftari yake peke yake, na Mweka Hazina haruhusiwi kununulia hata sabuni ya kuoshea viti. Nimeona kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kikirudisha amana ya arusi ya jana kwa kuchukua amana ya arusi ya kesho. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwezi wa Januari, shughuli zilipopungua, na watu wakaanza kubisha hodi usiku.

Amana iwe kiasi gani? Wengine husema iwe sawa na thamani ya vitu. Viti 200 kwa shilingi 900 ni shilingi 180,000, na mtu mwenye fedha hizo angenunua viti vyake mwenyewe. Amana haiwezi kuilinda mali yote, wala si kazi yake. Kazi yake ni kufunika hasara ile ya kawaida, na kumfanya mwenye shughuli amweke kijana mmoja wa kuviangalia viti jioni. Kwa viti twachukua thamani ya viti vitano katika kila 100; kwa viti 200 ni viti kumi, yaani shilingi 9,000. Kwa hema twachukua shilingi 3,000, kwa kuwa kinachopotea aghalabu si hema bali kamba, vigingi na nguzo moja moja. Msiba wa Njoro basi ungetoa amana ya shilingi 15,000.

Najua, wazee wangu, shilingi 15,000 kwa mtu ambaye maiti yake ingali hospitalini ni mzigo mzito. Lakini kuondoa amana katika mazishi ni kuiondoa mahali pale pale ambapo viti hupotea zaidi. Katika arusi waalikwa wanajulikana, na kazi huisha jioni ile ile. Katika matanga boma liko wazi usiku na mchana, majirani huazima viti kwa wageni wanaolala kwao, na mwenye nyumba hana moyo wa kuuliza kiti kimekwenda wapi. Kwa hiyo Kamati inaleta pendekezo la kati. Katika mazishi, badala ya fedha taslimu, mwanachama mmoja aliyelipa ada zake atie sahihi kuwa mdhamini wa amana ile. Familia haitoi senti kabla ya kuzika. Vikipungua viti vitatu, mdhamini ana siku 30 za kuzungumza na familia na kuleta shilingi 2,700. Asipoleta, zitakatwa katika akiba yake. Asiye na mwanachama hata mmoja wa kumdhamini atalipa fedha. Mimi kwa maoni yangu naona mdhamini ni bora kuliko fedha, kwa sababu fedha haiwezi kwenda kwa jirani kuuliza kiti, na mdhamini aweza.

Amana wala dhamana havifai kitu bila kuhesabu vizuri. Viti hupangwa kumi kumi, kimoja juu ya kingine, na huhesabiwa katika boma la mkodi wakati wa kupakua, mbele ya mtu wa nyumba ile, naye hutia sahihi. Wakati wa kurudi huhesabiwa tena pale pale bomani, kabla ya kupandishwa kwenye lori, kukiwa na mwanga wa jua. Tusihesabu ghalani peke yetu. Tukifanya hivyo, mkodi atasema viti vilianguka njiani, na kwa kweli hatuna la kumjibu. Shughuli ikiisha usiku, vifaa hulala na kuhesabiwa asubuhi. Ile saa nne ya asubuhi imewekwa kwa ajili hiyo.

Jambo la alama msilidharau. Viti vyeupe vya plastiki vyote ni ndugu. Katika mazishi makubwa familia hukodi kwa watu wawili au watatu, na jioni kila lori huchukua vilivyo karibu. Katika msiba mmoja niliohudhuria, kikundi kimoja kilidai viti 14 vimepotea, na ndugu wa marehemu wakaanza kushutumiana mbele ya wageni. Siku ya nne viti vile vikaonekana katika ghala la kikundi kingine, ambacho kilikuwa kimerudi na viti 14 vya ziada bila kujua. Vyetu vina alama ya rangi chini ya kikalio, pamoja na mwaka wa kununuliwa. Mwaka huo unatusaidia pia katika fidia, kama nitakavyoeleza.

Orodha ya fidia huonyeshwa kwa mkodi na kutiwa sahihi kabla vifaa havijatoka, kwa sababu bei inayotajwa baada ya hasara daima huonekana kama adhabu. Kiti kilichopotea hulipwa kwa bei ya kununua kingine. Kiti kilichovunjika kinataka uamuzi zaidi. Plastiki iliyochomwa na jua miaka mingi hupoteza unyumbufu wake. Ukipitisha kidole juu yake hutoka unga mweupe kama chaki, na pale miguu ya nyuma inapoungana na kikalio huonekana mistari myeupe ya nyufa. Kiti cha namna hiyo hakikuvunjwa na mgeni. Kimevunjwa na jua, na mgeni ameanguka tu. Kwa hiyo kiti chenye umri wa zaidi ya miaka mitatu kikivunjika mguu, mkodi hulipa nusu. Na kiti kinachotoa unga hakitoki ghalani kabisa, maana mzee wa miaka 80 akianguka nacho hakuna amana itakayomponya nyonga.

Hema husoma kama kitabu kwa mtu aliyezoea. Tundu dogo la mviringo, lenye ukingo ulioungua na kuwa mgumu, ni la cheche ya moto. Mkato ulionyooka ni wa kisu, msumari au tawi lililokatwa. Mpasuko unaoanzia kwenye pete ya chuma ya pembeni ni wa upepo na kamba. Hayo mawili ya kwanza hulipwa na mkodi, kwa kadiri ya kazi ya fundi wa kushona au kutia kiraka, wala si kwa bei ya hema zima. La tatu lachunguzwa. Udongo wetu wa Nakuru ni mwepesi, wa majivu ya volkeno, na kigingi kifupi hung'oka kwa upepo wa alasiri. Vijana wetu wana amri ya kutumia vigingi virefu vya chuma, vichwa vikiinamia nje mbali na hema. Wakivipigilia ovyo, hasara ni yetu. Lakini watu wa shughuli wakifungua kamba ili gari la bwana arusi lipite, kisha wakaifunga kwenye jiwe, hasara ni yao, na kijana anayebaki na hema huandika jambo hilo wakati ule ule. Kwa ajili ya moto, jikoni tunapeleka hema kuukuu lenye viraka, kwa nusu ya bei. Anayepika chini ya hema jipya hulipia kila tundu.

Mvua si kosa la mkodi. Hema likirudi bichi, sisi ndio wenye wajibu wa kulitandaza siku hiyo hiyo au kesho yake, kwani likikunjwa bichi siku chache tu huanza kunuka na kutoa madoa meusi ya ukungu, na nyuzi za mishono huoza. Hema la shilingi 60,000 likitunzwa kavu tunatazamia litoke mara 200, yaani shilingi 300 kwa kila safari. Likilazwa bichi mara kwa mara, mimi nisingelikadiria kupita safari 80, nazo ni shilingi 750. Wakati wa masika, hasa kwa kazi za upande wa Molo, bei ya kukausha imo ndani ya shilingi 4,000. Isipokuwa mkodi akilikunja mwenyewe na kulikalia siku mbili.

Vipaza sauti vinataka kanuni nyingine kabisa, nami nitasema kwa ufupi. Viti mtu aweza kuvihesabu. Uharibifu wa vyombo vya sauti hauonekani kwa macho. Kwa hiyo hatuvikodishi bila fundi wetu, na kwa kuwa fundi yupo, hatutaki amana. Ujira wake umo katika bei ya shilingi 8,000 kwa siku. Spika huungua hasa mtu anapodai sauti izidi uwezo wa amplifaya. Taa nyekundu huwaka bila kuzimika, sauti hukwaruza, na ile spika ndogo ya sauti nyembamba hunyamaza kwanza. Fundi ndiye mwenye mamlaka juu ya kidude cha kuongeza sauti, awe anayeomba ni mlezi wa bwana arusi au ni mgombea wa kiti cha Bunge. Kabla ya shughuli na baada yake hujaribu kila spika na kila maikrofoni mbele ya mtu wa nyumba. Maikrofoni ikianguka au kumwagiwa soda, mkodi hulipa. Waya ukikatwa na gari, mkodi hulipa. Amplifaya ikiungua kwa umeme unaorukaruka, hasara ni yetu, ila mkodi akikataa jenereta yetu na kuleta yake. Tena mkodi akumbuke kwamba ziko kanuni juu ya kelele. Kibali cha vipaza sauti ni juu ya mwenye shughuli kukitafuta, na polisi wakija kuzima, bei ya siku hairudishwi.

Bwana Mwenyekiti, Kamati inauomba mkutano uamue kama ifuatavyo: kiti kibaki shilingi 15, robo na nusu ya siku za matanga iwe kanuni ya kudumu, na badala ya kuondoa amana katika mazishi, tukubali sahihi ya mdhamini mwanachama. Mkutano ukipitisha udhamini, nitauliza tena juu ya bei baada ya miezi 12, nikiwa na idadi ya viti visivyorudi. Vikipungua chini ya kimoja katika 200, hasara hiyo itashuka hata shilingi 4 na nusu kwa kiti, na hapo nitakuwa na uso wa kuzungumza juu ya shilingi 14. Daftari ya vifaa, daftari ya amana na orodha ya fidia ziko juu ya meza ya Katibu, na kila mwanachama anaruhusiwa kuzisoma kabla ya kupiga kura.